Kombolela ya Mshenga

Jamani, hili jambo Kilakala nzima inalo na kila mtu analisimulia kwa namna yake, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi niliyekuwa ndani ya banda. Ndiyo, banda la kuku. Nilikuwemo, nimechuchumaa, mwanaume wa miaka arobaini na mitano, msimamizi wa ghala la mahindi, mtu ninayeamkiwa shikamoo na vijana wenye ndevu zao, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi asubuhi hiyo hiyo, na nje ya wavu wamejipanga watu ambao nilitakiwa niende kuposa binti yao. Aibu ile nimeizoea sasa, kama mtu anavyozoea gego bovu, lakini ukinigusa pale bado nashtuka.

Tuna kundi letu la kwenye simu, sisi tuliokulia mitaa ya Kilakala. Kwa muda mrefu lilikuwa kundi la misiba. Likilia ujue mtu kafa au kalazwa, mnaandika "poleni sana", mnachanga, kimya mpaka mwingine afe. Wengine tuko humu humu Morogoro, tunapishana sokoni, na hatuulizani hata watoto hawajambo. Basi jioni moja nimekaa sina hili wala lile, nikaona mtandaoni picha ya simu ya zamani, ile nene yenye kiantena kama kidole, imefungwa mpira wa ofisini ili betri isidondoke, nikaitupa kundini na kuandika: "Kama uliwahi kumiliki hii, wewe si kijana tena."

Niliporudi kutoka kuswali isha nilikuta simu imekuwa ya moto. Watu ambao hawakuwahi kuandika chochote zaidi ya "Amina" walikuwa wanaandika aya nzima. Mmoja kakumbuka kubip (mlio mmoja maana yake nimefika, miwili maana yake nipigie), mwingine kakumbuka vocha ya kukwangua na sarafu, unakwangua kwa pupa mpaka unafuta na namba, mwingine kakumbuka baba yake alivyopanda juu ya kiti ili simu ikamate mtandao. Na kila mtu anaapa simu ile ile ya kwenye picha ilikuwa ya kwao, wakati picha yenyewe sijui hata imepigwa nchi gani. Ndipo nilipogundua siri ya hizi picha: haijalishi ni ya nani, kila mtu anaingia na kumbukumbu yake mwenyewe anaivisha. Na anapoandika "hata mimi", anakuwa amekuuliza hali bila kukuuliza hali, maana kumuuliza mtu hali baada ya miaka kumi na mitano ya kimya ni kazi, lakini kumuuliza alifikisha pointi ngapi kwenye mchezo wa nyoka ni rahisi. Kuna jamaa wawili waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, usiku ule walibishana mpaka wakaanza kuitana "ndugu yangu" kuhusu rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwamba aliyekuwa katikati alitakiwa ajaze mchanga kwenye chupa mpaka shingoni au mpaka pomoni.

Nikanogewa. Kesho yake nikaleta katuni, zile tulizokuwa tunakwenda kuziangalia kwenye nyumba moja yenye televisheni, mwenye nyumba anatukagua miguu mlangoni, mchafu anabaki dirishani, na kwa kuwa lugha hatuijui kuna mwenzetu alikuwa anatutafsiria, na tukaja kujua ukubwani kwamba alikuwa anatunga. Mwenyewe akajitokeza kundini na kukiri. Watu walicheka wiki nzima. Nikawa ndiye mwenye kundi, nikaweka hata mlio wa zamani kwenye simu yangu mpya, ule wa tii-tititi-tii unaosikika mpaka kwa jirani.

Kisha nikaandika kuhusu kombolela. Kwa asiyeijua, kuna kopo katikati na mtafutaji mmoja. Akikuona anakutaja jina, halafu mnakimbizana, akiliwahi kopo umeshikwa, ukiliwahi wewe ukalipiga teke, wote walioshikwa wamekombolewa. Nikaandika kwamba utotoni nilikuwa naitwa Mrisho Kivuli kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona. Tatu, ambaye siku hizi ni nesi huko Dar, akajibu kwa mstari mmoja: "Mimi nilikuwa nakuona, nilikuwa nakuonea huruma tu."

Watu wakamwaga vikaragosi vya kulia kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nikaandika: "Njoo Jumamosi uwanjani, kopo nitaleta mwenyewe."

Sasa Jumamosi hiyo hiyo, baada ya alasiri, nilikuwa na kazi nyingine. Idrisa, mtoto wa kaka yangu, alikuwa anaposa, na mshenga ni mimi. Nyumba ya binti iko mitaa michache tu kutoka uwanjani, nilishafika pale kwa mlango wa mbele, nikanywa chai, wakaniona mtu mwenye busara. Mjomba wa binti alikuwa anashuka kutoka Mgeta kwa ajili hiyo, na kwa Waluguru mnajua mjomba ndiye mwenye neno, akisema hapana hata baba mzazi anakunja mkeka. Kaka yangu Abdala, baba yake Idrisa, alinikumbusha mara nyingi mpaka nikaudhika. "Mrisho, mzee yule si wa masihara."

Nikafikiri: nikienda uwanjani na suruali itabidi nirudi nyumbani Kihonda kubadilisha, nitachelewa, ngoja nivae kanzu moja kwa moja. Uamuzi wenyewe ndio huo. Ningevaa suruali ya kazini leo nisingekuwa na la kusimulia.

Uwanjani walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wenye vitambi, wenye miwani, mmoja kaja na dawa yake ya presha mfukoni. Tukakumbatiana, tukasahau majina, tukakumbushana. Tatu akaja na raba mpya, ndipo nilipojua kwamba mwanamke huyu hakuja kucheza. Nikasema nitacheza mchezo mmoja tu, halafu niende posani. Akageukia ukuta akaanza kuhesabu, na mimi nikakusanya kanzu mkononi nikatimka.

Zamani nyuma ya uwanja palikuwa na migomba, unajitupa tu. Siku hizi ni kuta na vichochoro, kila nyumba kwa nyuma inafanana na mwenzake. Nikaona uzio wenye mlango wazi, nikaingia, nikaona banda kubwa la kuku, nikaingia na humo. Kuku walinitazama kama mpangaji mpya, wakanyamaza. Nikajisifu moyoni.

Haukupita muda akatoka bibi mmoja, akaona mlango wa banda uko wazi, akasema peke yake, "Hawa watoto watatuletea vicheche," akalisukuma komeo kwa nje, akarudi ndani. Ningeweza kusema hodi. Lakini nilikuwa nasikia raba za Tatu kichochoroni, na niwaambie ukweli, wakati ule nilimwogopa Tatu kuliko kulala na kuku.

Nikiwa hapo simu ikalia. Tii-tititi-tii. Kuku wote wakaruka, jogoo akanikanyaga kofia, nikakaa chini bila kupenda na nikasikia kitu kinapasuka chini yangu, halafu cha pili. Nikapokea ili inyamaze. Alikuwa kaka Abdala.

"Mrisho, uko wapi? Sisi tumeshakaribishwa sebuleni, mzee kafika, anauliza mshenga."

Kilichonitia baridi si maneno. Ni kwamba sauti ya kaka niliisikia mara mbili, moja kwenye simu na nyingine kwenye dirisha lililokuwa juu ya kichwa changu.

Nikanong'ona, "Niko njiani, nimefika Msamvu." Hapo hapo tetea akatetea kwa nguvu zake zote.

Nikasikia sauti nzito, ya mtu wa milimani anayevuta maneno taratibu, ikisema mle ndani, "Huko Msamvu kuku wanalia kama wa kwetu."

Na Tatu, ambaye alikuwa amesikia mlio, akachungulia juu ya uzio na kupaza sauti mtaa mzima usikie: "Mrisho Kivuli, nimekuona, banda la kuku."

Wakatoka wote. Kaka Abdala na wazee wetu wenye makoti, baba wa binti, mama zake na kanga zao, binti mwenyewe akichungulia mlangoni kisha akafunika uso, na mbele yao mjomba, mzee mrefu mwenye bakora. Yule bibi akafungua komeo, nikatoka kwa magoti, manyoya kichwani, kanzu kwa nyuma njano ya mayai na rangi nyingine ambazo sitazitaja. Nikasema, "Shikamoo mzee," kwa sababu sikuwa na neno lingine.

"Marahaba," akasema mjomba. Akamgeukia kaka. "Ndiye mshenga?"

Kaka Abdala akajibu akitazama chini. "Ndiye, mzee."

Hapo nilimwona Idrisa kwa mawazo, mtoto wa watu aliyenunua shati jipya akakaa nyumbani anasubiri jibu, na nikatamani ardhi ipasuke. Mjomba akanizunguka, akanitazama mbele na nyuma. Kisha akauliza, "Nani anatafuta?"

"Mimi, shikamoo mzee," akasema Tatu juu ya uzio.

"Marahaba. Kopo liko wapi?"

"Uwanjani."

"Basi huyu hajashikwa. Kuonwa si kushikwa."

Baba wa binti akasema kwao ukionwa tu basi. Mjomba akasema hizo ni sheria za mjini za watu wavivu. Mzee mmoja wa upande wetu akaingilia, mama mmoja akaleta za Mlali alikokulia, na nawaambia, watu walioletwa pale na posa walibishana kombolela, uani pakawa kama kundini kwetu, kila mmoja na utoto wake mkononi. Mwisho mjomba akagonga bakora chini. "Mshenga, kimbia."

Nikakimbia. Kanzu juu ya magoti, Tatu ubavuni, wazee nyuma yetu wanakuja kwa mwendo wa heshima lakini wa haraka. Nilikuwa mbele mpaka tulipoingia uwanjani, nikaliona kopo, nikanyoosha mguu nipige teke lililosubiri miaka thelathini, kanzu ikanibana, nikaanguka kifudifudi. Tatu akaja akitembea, akakanyaga kopo, akasema, "Mrisho, kombolela," kisha akaniinamia akaniuliza kinesi kama goti liko salama.

Nilioga kwa wakwe, nikafungwa shuka ya baba wa binti, nikaposa nikiwa hivyo hivyo. Mjomba alisikiliza maneno yangu yote bila kutabasamu, akasema faini ya mayai ni trei mbili, na kuhusu binti, familia ambayo mshenga wake anakubali kukimbia mbele za watu haiwezi kuwa na kiburi. Akakubali. Idrisa alipopata habari alinikumbatia, kisha akaomba kwa adabu kwamba siku ya ndoa nikae viti vya nyuma.

Siku hizi mjomba naye yuko kundini, aliomba mwenyewe. Anapanda kilimani kwao Mgeta alfajiri kutafuta mtandao, anatuandikia kuhusu simu za makopo na uzi, na watu wanamjibu kabla hawajanywa chai. Video ya mbio zangu ipo pia, inazunguka na watu nisiowajua wameandika chini yake kwamba imewakumbusha kwao.

Mimi sijaacha. Jana tu nimeleta gololi na watu wamejibu mpaka usiku. Ila nimeapa mbele ya mke wangu, na yeye ndiye aliyefua ile kanzu: utoto nitaukumbuka nikiwa nimekaa.