Nyumba Ambayo Sikuinunua

Baba yangu aliniuzia nyumba bila kuniambia. Nilisikia habari hizo mezani pa wakili, mjini Bomet, nikiwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vinavyonibana. Baba alikohoa, akamwambia yule mama wakili aandike mkataba wa mauziano: yeye muuzaji, mimi mnunuzi, malipo yamekamilika.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu, juu ya kipande kidogo chenye hati yake, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye boma la wazazi wangu. Baba aliijenga kwa mikono yake. Nilirudi kuishi humo na binti yangu ndoa iliponishinda, na nimekaa kwa miaka tisa nikijua kwamba siku Baba akifumba macho, mtu anaweza kuniambia nifungashe. Kwetu mtoto wa kike huolewa, hagawiwi ardhi. Kaka zangu wawili walishapewa mashamba yao ya majani chai, na hakuna aliyeuliza swali.

Wakili aliniuliza nililipa kiasi gani. Nikamtazama Baba. Baba akatazama kalenda ukutani.

"Amekuwa akikamua ng'ombe wangu," akasema hatimaye.

Mama, ambaye aliitwa kwa sababu mke lazima aridhie kwa maandishi, alikuwa akichezea kamba ya mkoba muda wote. Sasa akainua kichwa. Alisema kama nyumba imeuzwa, basi yeye hajaona hata kilo moja ya sukari, na angependa kujua mzee amezificha wapi hizo pesa. Nilicheka hadi wakili akanipa karatasi ya kupangusa macho.

Baba alikuwa na hesabu zake, maskini. Aliamini kwamba kitu kilichonunuliwa hakina mjadala, lakini kitu ambacho binti amepewa kila mtu atakipigia kelele. Wakili alimweleza taratibu kwamba hapo amegeuza mambo. Yeye kama wakili hawezi kuandika kwamba pesa zimelipwa wakati hazikulipwa. Baba asipokuwepo, mtu akienda mahakamani kuitisha ushahidi wa malipo, mimi nitabaki nimeshika karatasi ya uongo. Ushuru wa serikali nao hautapungua, kwa kuwa mthamini ataangalia thamani ya nyumba, iwe imeuzwa au imetolewa. Hati ya zawadi haihitaji bei. Inahitaji Baba aseme wazi kwamba anatoa, bodi ya ardhi ikubali, kisha uhamisho usajiliwe angali hai. Ukishasajiliwa, hawezi kuamka siku moja akaitaka tena. Na akifariki bila wosia, zawadi hiyo itahesabiwa kama sehemu ya fungu langu, jinsi mashamba ya kaka zangu yatakavyohesabiwa.

"Kwa hivyo lazima niseme mbele ya watu," Baba akasema, na hapo nikamwelewa. Haikuwa sheria iliyomtia hofu, ilikuwa kaka yangu mkubwa. Niliona uchungu kidogo, sitaficha: angeweza kunipa nyumba, ila alitaka kunipa kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo alikubali bila kubisha, na hati ya zawadi ikaandikwa.

Siku ya kikao cha bodi tulienda wote watano. Mwenyekiti alisoma fomu, akauliza kama familia inajua. Kaka mkubwa akasimama, akafunga vifungo vya koti. Alisema amesikia kijijini kwamba mimi nilinunua, na sasa fomu inasema nimepewa, tena mimi ni msichana. Alitaka mzee aeleze ni lipi la kweli.

Baba alisimama polepole, kofia mkononi.

"Hiyo kununua ni mimi nilisema, na nilidanganya," akasema. "Sikumuuzia. Nimempatia. Hata nyinyi hiyo majani chai sikuwauzia."

Kaka mkubwa akakaa, akajikuna shingo, akasema basi hana swali. Mdogo wake alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bodi ikakubali, tukaenda kunywa chai, na kaka mkubwa ndiye aliyeninunulia mandazi.

Miezi kadhaa baadaye hati ya ardhi ilitoka ikiwa na jina langu. Baba ni mtu wa kuingia kwangu bila kubisha, hata nikiwa naoga, na kwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Asubuhi iliyofuata nilisikia hodi. Nikafungua, nikamkuta amesimama nje ya mlango alioupigilia misumari mwenyewe, kofia mkononi tena, anangoja.

"Baba, ingia, si ni kwako?"

"Ni kwako," akasema. Akaendelea kungoja hadi nilipomkaribisha.