Joska Asomea Upishi Alioujua Tayari

Miaka ile nilikuwa karani wa stoo katika karakana moja ya mabehewa na vyombo vya ziwani kule Port Bell, bandari ya Kampala, na ikigonga saa saba mchana hakuna mtu aliyenikuta mezani. Nilikuwa nje ya geti, kwenye kibanda cha Joska Ayaa, nimeshika sahani kwa mikono miwili. Wachomeleaji walikuwa pale, madereva walikuwa pale, na meneja wa karakana mwenyewe alikuwa akija na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Joska alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Baba yake alikuwa mwanajeshi kutoka Kitgum, kwa hiyo alikulia kambini Mbuya, na huko ndiko alikojifunza kupika chakula cha watu wengi. Kukiwa na arusi kambini, yupo jikoni. Kukiwa na msiba, yupo jikoni. Alisonga ugali wa posho wa watu mia bila hata tone moja la jasho kuingia sufuriani, na majani yake machachu ya malakwang, yakishawekewa odii, rojo la karanga na ufuta, yalifanya watu wazima wanyamaze. Mumewe, Odoch, sajini mstaafu wa polisi, ndiye aliyeosha sahani, na alizipanga kama gwaride.

Kisha kampuni ikajenga bwalo lake ndani ya geti, na tangazo likabandikwa ukutani: anatafutwa mpishi mkuu. Tulimzunguka Joska kwa kelele.

"Hiyo kazi ni yako, mama! Nani mwingine?"

Aliandika barua siku hiyohiyo, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyemaliza sekondari ya chini na hakuwahi kuusahau. Wiki tatu zikapita bila jibu. Ya nne, akaingia bwaloni kijana mmoja kutoka mjini, mwenye kofia nyeupe ndefu na cheti cha upishi. Chakula chake hakikuwa kibaya. Kilikuwa chakula tu. Tulikila na kurudi kazini bila kukizungumzia.

Joska hakununa. Alivaa gomesi yake ya Jumapili, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Kaltumi, ofisa wa ajira, mama Mnubi mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole. Mimi nilikuwa pale nikipeleka karatasi za stoo, na nakiri kwamba niliziweka mezani moja moja ili nisikie.

"Dada yangu," Joska akasema, "sikuja kugombana. Nataka tu kujua. Meneja anakula kwangu kila siku. Amekwambia?"

"Ameniambia," Kaltumi akajibu. "Lakini nikichukua watu kwa sababu wakubwa wanawajua, kesho nitaletewa mashemeji wote wa Kampala. Na uamuzi unapitia makao makuu mjini, kwa watu ambao hawajawahi kuonja chakula chako. Keti, tafadhali." Akafungua kabati na kutoa rundo la barua. "Mia mbili na arobaini. Nilikuwa na siku nne. Siwezi kwenda kula kwa watu mia mbili na arobaini."

"Kwa hiyo ulisoma barua."

"Nilisoma. Wote ni wapishi hodari. Wote ni waaminifu. Wote wanaamka mapema." Alicheka kidogo. "Kuandika hivyo hakumgharimu mtu kitu, mzuri na mbovu wanaandika sawa. Cheti ni tofauti. Mtu amekaa miaka miwili, amefika kwa wakati, amevumilia walimu, amefanya mitihani. Asiyependa kazi na asiyejipanga huona tabu mara mbili, na wengi wao huishia njiani. Basi nikiona cheti, angalau najua ninaongea na mtu anayemaliza alichoanza."

"Na hicho cheti kinafundisha kusonga posho ya watu mia tatu?"

"Kusema kweli, sidhani," Kaltumi akasema. "Sijawahi kuuliza kinafundisha nini. Naangalia nani amekimaliza."

Joska akalitazama lile rundo la barua. "Na yule mpishi mzuri asiye na ada ya shule?"

Kaltumi akavua miwani. "Huyo ananipita na mimi simwoni," akasema. "Najua hivyo. Ndiyo sehemu inayonisumbua."

Habari ilifika kibandani kabla ya Joska mwenyewe. Dereva mmoja, Olal, alikuwa na dawa tayari.

"Mama, kwa nini uteseke? Namjua mtu mjini anayechapa. Ijumaa nakuletea cheti chenye muhuri na jina lako."

Odoch akainua kichwa kutoka kwenye beseni la sahani. Miaka ishirini na sita ya polisi ilirudi yote usoni mwake, na Olal akasogea nyuma hatua mbili. Lakini Joska alikuwa anacheka.

"Olal, fikiri. Kama kinaweza kuletwa Ijumaa, kila mtu atakileta Ijumaa. Siku hiyo Kaltumi hatakiangalia tena, atadai kitu kingine. Kina maana kwa sababu ni kigumu kukipata." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nitakwenda shule."

Akajiandikisha kwenye chuo kidogo Kitintale, masomo ya kuanzia saa tisa alasiri. Ada ilitoka kibandani. Asubuhi alipika, mchana aliwahudumia wale ambao bwalo halikuwavutia, kisha alimwachia Odoch sufuria na kupanda bodaboda akiwa na daftari kwapani.

Loo, jinsi tulivyofurahia habari za chuo hicho! Kila siku alituletea mpya. Leo wamejifunza majina matano ya michuzi ya Kifaransa, na mwalimu hakuwa na siagi ya kupika hata mmoja. Leo wamechora ramani ya jikoni ya hoteli ya ghorofa kumi. Leo wamesoma glasi ipi ni ya divai ipi, darasani ambamo nusu ya wanafunzi ni walokole na robo ni Waislamu. Na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kukunja vitambaa vya mezani viwe umbo la bata maji. Alitukunjia kwa karatasi za magazeti. Wiki nzima benchi la wachomeleaji lilikuwa na bata wa magazeti mbele ya kila sahani, na meneja akachukua wake kwenda nao ofisini.

"Sasa hayo utayatumia wapi?" nikamuuliza.

"Sitayatumia mahali popote," akasema kwa furaha. "Lakini lazima shingo ya bata isimame, la sivyo mwalimu anakata alama."

Walianza wanafunzi thelathini na wanane. Rafiki yake mkubwa alikuwa Concy, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeweza kuandika insha nzima kuhusu wali lakini akipika wali unaungua. Wakafanya mapatano yao: Concy alimfundisha Joska hesabu za asilimia, naye Joska akamfundisha kusikiliza sufuria. "Isikie," alimwambia. "Sauti ikibadilika, maji yamekwisha." Mwaka wa kwanza ulipoisha walibaki ishirini na sita. Wengine walichoka kusoma baada ya kazi, wengine walichelewa mpaka wakaona aibu kurudi. Na wawili, Joska alisema kwa masikitiko, walikuwa wazuri sana, ila ada iliwashinda.

Mwisho walimaliza kumi na tisa. Siku ya kukabidhiwa vyeti nilikuwa pale uwanjani, mimi na nusu ya karakana. Jina la Joska lilipoitwa, akina mama wa Mbuya walipiga vigelegele mpaka spika zikafunikwa. Odoch, ndani ya suti iliyombana, alisimama wima akapiga saluti, kisha akakumbuka kuwa amestaafu, akaigeuza kuwa ya kupangusa machozi.

Miezi miwili baadaye yule kijana wa kofia ndefu alipata kazi hotelini Entebbe, tukamuaga vizuri. Tangazo likarudi ukutani. Safari hii zilikuja barua mia mbili na sitini. Kaltumi alitenga zenye vyeti, zikawa thelathini na moja, akapiga simu kwenye kila chuo. Vyeti viwili havikujulikana huko vilikoandikwa kuwa vimetoka. Akabaki na ishirini na tisa, akazisoma kwa utulivu, akachagua watu watano. Watano unaweza kuonja chakula chao. Kila mmoja akapewa siku moja ya kupikia bwalo zima.

Siku ya Joska ilikuwa Alhamisi. Alisonga posho, akapika maharage, mchicha wa dodo na malakwang. Saa saba na nusu foleni ilikuwa imefika mlango wa stoo yangu. Waliotoka makao makuu kuja kuonja walikaa kwenye meza yao na kalamu zao, na nikaona kalamu zikiwekwa chini, moja baada ya nyingine. Mmoja wao alirudi kwenye foleni na sahani tupu, akijaribu kujificha nyuma ya mchomeleaji mrefu.

Mchana ule wakamwita.

"Mama Ayaa, cheti chako ni kizuri sana," akasema mkubwa wao. "Katika chakula hiki cha leo, ni kitu gani ulichojifunza chuoni?"

"Hakuna, bwana," Joska akajibu. "Chuoni nilisomea bata."

Kaltumi alicheka mpaka akashika meza. Kazi akaipata siku hiyohiyo.

Baada ya mwezi alitakiwa kuajiri wasaidizi wawili. Zikaja barua tisini na nne, na Kaltumi akampa nafasi mezani pake azichambue. Nilipopita baadaye nilimkuta ameshatengeneza marundo mawili, yenye vyeti kulia na yasiyo na vyeti kushoto, na anayatazama kama mtu aliyejikuta amevaa viatu vya mwenzake.

"Mkono wenyewe ulikwenda," akaniambia. "Zimekuwa nyingi, na sina siku."

Akachukua Odyek kutoka rundo la kulia, kijana wa Lira mwenye cheti na adabu. Kisha akamwomba Kaltumi ruhusa ya asubuhi moja tu, akaita wanane kutoka rundo la kushoto, waliosema wamewahi kupikia zaidi ya watu hamsini. Akawapa visu, mafungu ya dodo, unga na moto, wakapika wawili wawili, kila zamu saa moja. Kufikia adhuhuri alikuwa amempata Rehemah, mama wa Kisenyi aliyekuwa akiwapikia mafundi wa gereji kwa miaka tisa na hakuwahi kuitwa kwenye usaili wowote.

Jumatatu yao ya kwanza niliingia bwaloni mapema kwa kisingizio cha kuhesabu mitungi ya gesi. Rehemah alikuwa amepanda juu ya kijibao, anasonga posho kwa mwiko mrefu kama kasia na kuimba kwa Kiganda. Odyek alijaribu kumpokea mwiko, akashindwa kuuzungusha hata mara moja, na wote watatu wakaangua kicheko. Joska akamwonyesha Odyek mahali pa kuweka miguu.

"Goti likunje kidogo," akamwambia. "Nguvu itoke chini. Haya, tena."