Kigoda cha Shangazi Jikoni kwa Mama Shamimu

Mwaka 2004 nilikuwa na kompyuta nne karibu na stendi ya Njombe, na majivuno ya mtu mwenye arobaini. Watu walikuja kusoma barua pepe za ndugu zao, nami nikabandika tangazo mlangoni kwamba natengeneza tovuti. Mteja wa kwanza alikuwa Salha wa Makambako, mpishi wa shughuli, ambaye wote humwita Mama Shamimu kwa jina la bintiye.

Alinieleza shida yake kabla hajakaa. Wenyeji wa huku wanaoishi Dar huja kuozesha nyumbani, lakini wapishi huwachukua Iringa kwa sababu yeye hawamjui. Msimu wa harusi ulikuwa unakaribia, na wanawake wawili aliokuwa akipika nao alikwisha kuwaahidi kazi.

"Nisipompata mteja hata mmoja, Mika, narudi kwenye chapati za madereva."

Nilimwandikia ukurasa wa "Kuhusu Sisi" nikiwa na raha zangu zote. Kampuni inayoongoza Nyanda za Juu Kusini. Wapishi waliobobea. Juu nikaweka picha niliyoitoa kwenye mtandao, ya wanaume watatu wenye kofia ndefu nyeupe. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wazungu wameingia lini jikoni kwangu?"

Nikamwambia ndivyo wanavyofanya wenzetu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, mimi nikanuna.

"Mtu asiyenijua hataki kusikia kwamba mimi ni hodari," akasema. "Anataka kujua nyama yake itafika mezani. Andika habari ya kigoda."

Kigoda chenyewe nilikuwa nakisikia tu. Mama Shamimu alikuja Makambako mwaka 1991 kutoka Tanga, akimfuata mumewe Nasiri, dereva wa malori. Miaka miwili baadaye akapewa harusi yake ya kwanza, kule Matembwe. Maharage akayabandika kwa saa za Tanga, hajui kwamba huku juu milimani, kwenye baridi, maharage hayana haraka na mtu. Saa tisa alasiri bado yalikuwa yanagonga meno. Wageni wakaanza kunong'ona kwamba mpishi wa pwani ameficha nyama, sasa anatafuta visingizio.

Kumbe shangazi wa bibi harusi, Mama Ida, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya masufuria tangu asubuhi, kwa kazi hiyohiyo ya kulinda nyama. Wapishi wengi huchukia walinzi wa namna hiyo. Mama Ida akasimama mbele ya watu akasema nyama ipo yote, ameiona ikiingia na hajaiona ikitoka, kilichobaki ni maharage tu. Watu wakacheka, wakasubiri. Tangu siku ile Mama Shamimu hafungui shughuli bila kigoda cha mtu wa upande wa wenye harusi.

Basi tukafuta yangu yote. Tukaweka picha yake mwenyewe na masufuria yake, jina lake, mahali jiko lilipo Makambako, namba ya simu, na kwamba kuku na ng'ombe huchinjwa na Mwislamu ili kila mgeni ale. Kisha maneno yake: "Mwaka 1993 maharage yangu hayakuiva. Sasa nayaloweka usiku na kuyabandika alfajiri. Leta shangazi yako akae jikoni tangu nyama inapopimwa hadi inapopakuliwa."

Nilimwonya kwamba hakuna mfanyabiashara anayetangaza maharage mabichi. Nilisema hivyo kwa ukali, na leo naona haya.

Wiki tatu zilipita kimya. Kisha Zipora, mama wa Kikinga anayeishi Dar, akampigia Mama Shamimu simu kuhusu harusi ya bintiye hapa Njombe.

"Dada, ninaye shangazi. Anaitwa Yudita, hamwamini mtu yeyote. Ila mgongo unamsumbua, umtafutie kiti cha kuegemea."

Siku ya harusi nilikwenda kushuhudia. Shangazi Yudita aliingia amekaza uso, akaitikia "Kamwene", salamu ya huku, ya Mama Shamimu nusunusu, akahesabu vipande vya nyama kwa kidole. Maharage aliyaonja mwenyewe, yalikuwa yameiva. Akaegemea kiti karibu na moto. Kabla ya saa sita alikuwa amelala fofofo, kando ya kilo sitini za nyama, na Mama Shamimu akamfunika kwa khanga yake.

Nilifurahi kiasi cha kutaka kumkumbatia mtu. Hapo ndipo wapakuaji walipofika na sinia, na Mama Shamimu akawazuia kwa mkono. Akainama, akamtikisa bega mlinzi wake polepole.

"Shangazi, amka. Nyama inatoka."