Picha ya Suti kwenye Tangazo la Maturubai

Mzee Eliufoo wa Machame alikodisha maturubai na viti vya shughuli, na ukikaa naye dakika moja utakuwa umeshaambiwa. Tangazo lake lilitoka kila mwezi katika kijigazeti chetu cha Moshi mjini: picha ya turubai, maelezo ya viti, bei, na mahali pa kumpata. Wachagga wa Dar wakilisoma kabla ya kurudi nyumbani Krismasi, harusi na vipaimara vya Desemba ni vyake. Lakini mwaka ule wa tisini na sita akatokea kijana Primus na maturubai mapya, meupe. Ya Eliufoo yalinuka panya. Mtu mwenye akili angeyafua. Yeye akaamua kurekebisha tangazo.

Barua yake kwa mhariri wetu, Mama Theodora, ilikuwa amri tupu. Ondoa turubai, weka picha yangu. Akaiambatanisha: suti nyeusi, uso wa mtu anayesubiri kuamkiwa. Jina liwe kubwa. Andika mzee wa kanisa, mume wa Ruth, baba wa Calvin na Kindness. Weka 1974–1996, wajue nimeanza zamani. Zungushia mstari mweusi, mnene.

Mama Theodora akampigia simu kumweleza kwamba nafasi aliyolipia ni ileile, akiongeza hayo yote lazima kitu kitoke. Eliufoo akasema viti, bei na mahali pa kumpata vitoke, kwani nani asiyejua anakodisha nini na wapi. Tukampelekea nakala ya majaribio aikague. Alichoona yeye ni kwamba jina bado dogo.

“Mzee, hili limekaa kama tangazo la msiba,” Mama Theodora akamwambia.

“Msiba utakuwa wa Primus. Nyie pigeni chapa.” Akatia saini.

Gazeti likatoka. Jumapili dada yake Anaeli akaingia uani kutoka Marangu, mkungu wa ndizi kichwani, wanawake nyuma yake wakilia. Eliufoo alikuwa anakula kiburu cha ndizi na maharage, vifungo vya shati wazi.

“Eliufoo, umekufa au hujafa? Sema, watu wa Dar wako njiani.”

Akamwambia akasome vizuri, lile ni tangazo la viti.

“Nimesoma. Viti viko wapi?”

Kabla hajajibu, lori likapiga honi getini. Ukoo ulikuwa umemkodi Primus. Mwenye viti si ndiye marehemu? Maturubai meupe yakasimama uani kwa Eliufoo. Watu wa Dar wakafika, wakamkuta hai, wakakasirika kidogo, wakala. Na kwa kuwa walikuwa wamekaa vizuri, kila mwenye shughuli ya Desemba akamfuata Primus pale pale kuweka oda. Eliufoo alishinda kwenye kiti cha Primus akipokea pole.

Jumatatu tukapata barua yake. Rudisha turubai. Rudisha bei. Rudisha mahali pa kunipata.

Picha ibaki.