Meza Zilizobaki Nje

Mpangaji wa viti katika ukumbi mmoja wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, aliitwa Sikujua, na hakujua kubembeleza. Marguerite, mjane wa mvuvi wa Magara, alitaka meza za duara siku ya kumaliza kilio cha mumewe.

"Mama, meza zinakula nafasi. Nikiziweka, wanaingia watu mia. Nikipanga viti vitupu kwa mistari, mia mbili. Wavuvi wenzake watakuja?"

"Wote. Ndio walimutafuta ziwani mpaka wakamupata."

"Basi wamulilie barabarani, meza zikae ndani kama wakwe?"

"Na chakula?"

"Fanta ya mukononi inatosha. Hawaji kula."

Siku ilipofika, wavuvi walijaa mistari yote, chupa kati ya miguu. Marguerite alipoingia, walisimama wote pamoja. Nje zilibaki meza tu.