Miaka Sita Bila Trikomona

Kwa miaka sita hakuna mwanamke hata mmoja aliyeonekana na trikomona, kijidudu kinachoambukizwa kwa ngono, katika kliniki ile. Tabibu alijisifu mpaka vikaoni: wanawake wa hapa, alisema, wanasumbuliwa na fangasi tu.

Siri yenyewe ilikuwa chai. Vioo vya vipimo vya asubuhi vilirundikwa kwenye sinia, watu wakanywa chai kwanza, ndipo vikatazamwa. Kufikia hapo tone limekauka, na kijidudu ambacho hutambulika kwa kucheza kimeshatulia kama jiwe. Cheti kikaandikwa: "Hakuna kilichoonekana." Tabibu naye akaandika dawa ya fangasi, mkono umeshazoea.

Kisha akahamishiwa maabara Mama Pua, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Jina hilo walimpa kwa kejeli kwa sababu alinusa vipimo. Hakujali, wala hakunywa chai kabla ya kazi.

Siku moja alikuja mwanamke fundi cherehani, kwa mara ya tatu. Muwasho, maumivu akikojoa, aibu. Mumewe alikuwa nje kwenye benchi.

"Amesema leo nisipopata jibu, ananirudisha kwetu," alimwambia Mama Pua. "Eti nimeoza."

"Fangasi," Tabibu alisema bila kuinua kichwa.

Mama Pua alimpeleka nyuma ya pazia. Ute ulikuwa wa njano kuelekea kijani, una povu. Karatasi ya kupima asidi ilivuka nne na nusu. Akadondosha dawa ya kupima, harufu ya samaki ikapanda.

"Fangasi gani hii?" alimuuliza Tabibu. "Fangasi ute wake ni mzito, mweupe kama maziwa yaliyoganda, na karatasi haipandi hivi."

"Kama inanuka samaki, basi ni bakteria wale wa kawaida."

"Wale ute wao ni mwepesi, wa kijivu, na hauwashi hivi. Njoo utazame kabla tone halijapoa."

"Weka kwenye sinia. Ni saa ya chai."

Hakuweka. Alichanganya ute na tone la maji ya chumvi, akalisukuma chini ya darubini papo hapo. Vijidudu vilikuwa vinajirusharusha kama watoto waliofunguliwa shule. Alimvuta Tabibu kwa mkono wa koti mpaka akaona mwenyewe.

Mume aliitwa ndani, akaambiwa ni trikomona.

"Nani kamletea?" aliuliza, kidole kimemwelekea mkewe.

"Darubini haisemi nani, baba. Wanaume wengi huwa na vijidudu hivi bila kuhisi chochote. Wewe na yeye mtameza dawa, na hamlali pamoja mpaka mmalize na wiki ipite."

Kidole kilishuka polepole, kikaingia mfukoni.

Fundi cherehani alimgeukia Tabibu, macho yamejaa machozi ya hasira.

"Mara zile mbili, daktari. Ulitazama nini?"

Tabibu aliinamia kikombe chake. Humo pia hakuna kilichoonekana.