Kibali cha Kumleta Kaka kutoka Jinja

Simu ya maandishi ilifika Jumatatu kwenye ofisi ya kiwanda cha mbao pale Elburgon. Karani wa kiwanda aliileta mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, kofia mkononi. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa la Jinja, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akafia hospitalini. Kampuni yake ingetoa sanduku na kumpeleka stesheni. Lakini Uganda ni nchi nyingine. Bila kibali cha daktari wa afya wa Nakuru maiti haingevuka mpaka, na hospitali ingemzika huko huko siku ya Ijumaa.

Baba alimshukuru karani, akamwomba asimwambie mtu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wakikuuliza, kaka yako amekufa kwa homa."

Nilielewa kwa nini. Kwetu magharibi, tulikotoka kabla Baba hajaja kupasua mbao Elburgon, mtu aliyekufa kwa kuanguka hapitishwi langoni. Ua hubomolewa upande wa nyuma, apitishwe hapo, azikwe pembeni, na watu hawamlilii kwa sauti, wasije wakaita kifo cha namna hiyo kirudi. Baba hakutaka mtoto wake aingizwe nyuma kama gunia. Kwa hiyo shangazi yangu, dada yake Baba, aliambiwa ni homa, na majirani wote wakaambiwa hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita. Baba hakujua kusoma, ndiyo maana tulikwenda pamoja. Jumanne tulipitia kwanza kwa padri, akatupa barua kwamba makaburi ya misheni yatampokea. Jumatano alfajiri tukapanda lori la mbao mpaka Nakuru. Mimi sikuwa mtu wa kuzungumza mbele ya wageni. Njia nzima, kupitia Njoro mpaka mjini, niliomba Mungu wasiniulize kitu.

Ofisi ya afya ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Nyuma ya kaunta alikaa karani Mwafrika mwenye tai, na penseli nyuma ya sikio.

"Karibu, mzee. Pole kwa msiba. Maiti iko wapi?"

"Jinja."

"Anakuja kuzikwa wapi?"

"Elburgon, kwa misheni." Baba akaweka barua ya padri mezani.

Karani akaisoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Wengi huja bila hii. Sanduku je? Sanduku la mbao tupu halipandi treni."

"Kampuni wamesema ndani wataweka bati, walichomelee pande zote."

"Vizuri sana. Na alikufa kwa nini?"

"Homa," Baba akasema.

Karani akachukua penseli kutoka sikioni, akaiweka chini.

"Homa gani, mzee?"

"Homa tu."

"Hakuna homa tu hapa ndani. Kuna ndui, kuna tauni, kuna homa ya manjano. Kazi yangu ni kuzuia hizo zisishuke stesheni ya Nakuru ndani ya sanduku. Kama ni homa, daktari hatatia sahihi mpaka apate ripoti kamili ya hospitali, na ripoti inakuja kwa posta."

"Itafika lini?"

"Wiki ijayo, posta ikiwa na haraka."

"Ijumaa wanamzika!"

"Basi, mzee, mimi nifanye nini? Nipande baiskeli mpaka Jinja?" Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja nyuma yetu alicheka, kisha akajuta, akakohoa. Karani naye akalegeza sauti. "Sikiliza. Daktari wa Jinja ataandika cheti cha kifo, na cheti kingine kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza. Sababu ya kifo kwenye karatasi yetu na kwenye karatasi zake lazima iwe moja. Zikitofautiana, reli hawapakii." Akasukuma fomu mbele yetu. "Nani anaandika?"

Baba akanionyesha kwa kidevu.

Niliketi kwenye benchi pamoja naye, ubao mapajani. Mimi huandika polepole, na siku hiyo niliandika polepole zaidi. Jina la marehemu. Umri. Mahali alipofia. Mahali atakapozikwa. Njia atakayopitia: kwa treni mpaka Nakuru, kwa lori mpaka Elburgon. Nilipofika penye sababu ya kifo mkono ulisimama. Baba alikuwa akiitazama kalamu. Hakujua herufi, lakini alijua urefu wa neno, na homa ni neno fupi.

Sikuweza kumbishia kwa mdomo. Sijawahi kumbishia. Niliandika: Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akiwa kazini.

Baba aliona mstari umejaa mpaka ukingoni. Nilipeleka fomu kwenye kaunta, na karani akaisoma kwa sauti mpaka akafika hapo. Akamtazama Baba.

"Mzee, hii si homa."

Nilitazama sakafu. Nikamsikia Baba akivuta pumzi.

"Si homa," alisema. "Alianguka. Alikuwa juu anafunga chuma cha bwawa. Hakuanguka akikimbia na kuku wa mtu. Ameandika ukweli, huyu binti yangu. Mpe daktari atie sahihi."

Alisema "huyu binti yangu" kwa sauti ambayo watu wote waliokuwa wakingoja waliisikia. Nimeibeba sauti hiyo mpaka leo.

Daktari, Mzungu mrefu, alituma simu Jinja papo hapo. Tulingoja nje hadi saa tisa alasiri, majibu yakaja: ajali, hakuna ugonjwa wa kuambukiza, vyeti vitasafiri na sanduku. Kibali kikapigwa muhuri, na habari zake zikapelekwa Jinja kwa simu. Karani alitueleza masharti mara mbili: sanduku lisifunguliwe, na kutoka stesheni maiti ipelekwe moja kwa moja kaburini, isilale nyumbani.

Jumamosi asubuhi treni ilifika Nakuru. Bwana Afya, mkaguzi wa afya pale stesheni, alizunguka sanduku lile, akakagua vyeti, akagonga bati kwa kifundo cha kidole mahali paliponyanyuliwa ubao ili alione, akatia sahihi. Saa sita tulikuwa kwenye makaburi ya misheni.

Shangazi alikuwa ameshasikia kwamba si homa. Habari ya aina hiyo husafiri haraka kuliko lori. Alisimama mbele ya lango la makaburi na panga mkononi, ameshakata nguzo mbili za ua upande wa nyuma.

"Mpitisheni huko nyuma, ndugu yangu. Unataka kutumaliza?"

Baba akanipa kibali. "Soma, mama."

Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo. Nilisoma mbele ya watu wote, polepole, kila mstari, na sababu ya kifo pia. Nilipomaliza Baba akasema, "Serikali mbili zimejua alivyokufa, zikamfungulia njia. Mimi baba yake nimfungie lango?"

Shangazi aliitazama karatasi mkononi mwangu. Kisha akaweka panga chini, akaingia chini ya sanduku upande wa kushoto, akaweka bega lake, na akaanza kumlilia kwa sauti. Tukampitisha langoni.